Lori lile lile, kampuni nyingine

(Hotuba niliyoitoa Leicester mbele ya wafanyabiashara wanaozungumza Kiswahili. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi yangu, na maswali mawili yaliyoulizwa baadaye nimeyaweka mwishoni.)

Mabibi na mabwana, asalaam alaykum na habari za jioni.

Kazi yangu ni ya hesabu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kupekua daftari za kampuni ambazo zimeshakufa. Nimeombwa nizungumze juu ya ufilisi, lakini ufilisi ni bahari. Leo nitachukua jambo moja tu: kampuni inaelekea kuanguka, mwenyewe anajua, na kabla haijaanguka mali inahamishwa kwa mke, kwa kaka, kwa shemeji, kwa bei ya kutupa. Wengi humu ukumbini mmewahi kuwa upande wa kudai, mkabaki na ankara mkononi huku mkiliona lori lile lile linapita barabarani na jina jipya ubavuni. Wachache, na sitawatazama usoni, mmewahi kushauriwa mfanye hivyo.

Nitazungumzia sheria ya Uingereza na Welisi, yaani Sheria ya Ufilisi ya mwaka 1986, kwa sababu ndiyo inayowashika nyinyi mlioandikisha kampuni hapa. Scotland wana yao, na ni kali zaidi: kwa jamaa wa karibu wanarudi nyuma miaka mitano. Kenya nayo ilitunga sheria mpya ya ufilisi mwaka 2015, na aliyeisoma hii ya 1986 akiifungua ile ya Nairobi hatapotea njia.

Tamaa yenyewe si ya jana. Uingereza ilipiga marufuku kuhamisha mali ili kuwakwepa wanaokudai tangu mwaka 1571, enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kesi iliyokuja kuwa mama wa kesi zote hizi ni ya 1601, ya mtu wa Hampshire aitwaye Pierce. Alidaiwa na Twyne pauni 400, na mtu mwingine alimdai pauni 200. Yule wa 200 akaenda mahakamani. Kesi ikiwa bado inaendelea, Pierce akaandikiana na Twyne kwa siri: mali yangu yote, yenye thamani ya pauni 300, ni yako, kulipia deni. Lakini Pierce akabaki nayo. Akauza baadhi yake, akakata manyoya ya kondoo na kuwapiga alama yake mwenyewe. Askari wa mahakama walipokuja kukamata, wakaambiwa kondoo hawa ni wa Twyne. Mahakama haikukubali. Ilihesabu dalili moja moja: ametoa kila kitu bila kujibakishia, ameendelea kuitumia mali kama yake, imefanyika kwa siri, imefanyika kesi ikiwa inaendelea. Ukichukua dalili hizo leo, ukaweka vani badala ya kondoo, utapata nusu ya kazi ya mfilisi, yaani yule anayeteuliwa kukusanya mali ya kampuni iliyokufa na kuwagawia wanaodai.

Sasa tuje kwenye sheria ya leo. Kifungu cha 238 kinasema hivi kwa lugha ya kawaida: kampuni ikiingia kwenye ufilisi au ikawekwa chini ya msimamizi, mfilisi au msimamizi huyo anaweza kwenda mahakamani kuomba muamala wa zamani utenguliwe, iwapo kampuni ilitoa kitu bure, au ilikitoa kwa malipo yaliyo pungufu sana kuliko thamani yake. Kinachopimwa ni fedha, au kitu kinachohesabika kwa fedha. Mapenzi ya mke hayahesabiki. Wala shukrani kwa kaka aliyekusaidia nauli mwaka ule hazihesabiki, ingawa nyumbani kwetu hilo ni deni kuliko deni la benki.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulikosea daima. Wanadhani ni lazima mfilisi athibitishe nia mbaya. Hapana. Kwa kifungu hiki nia haiulizwi mwanzoni. Unaweza kuwa mcha Mungu, ukauza vani ya pauni 12,000 kwa pauni 2,000 kwa sababu ulimwonea huruma shemeji yako, na bado muamala ule ukatenguliwa. Mfilisi anatakiwa kuonyesha mambo matatu. La kwanza, bei ilikuwa pungufu sana. La pili, ilikuwa ndani ya miaka miwili kabla ya ufilisi kuanza. La tatu, wakati ule kampuni ilikuwa haiwezi kulipa madeni yake, au ilishindwa kwa sababu ya muamala huo wenyewe.

Hilo la tatu ndilo gumu, na ndipo ujamaa unapokuwa mzigo. Aliyenunua akiwa mgeni kabisa, mfilisi ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kwamba kampuni ilikuwa imeshindwa. Inabidi afukue hesabu za mwezi ule, aonyeshe madeni yaliyoiva, aonyeshe benki ilikuwa tupu. Lakini aliyenunua akiwa mtu mwenye uhusiano na kampuni, mzigo unageuka. Mahakama inachukulia kwamba kampuni ilikuwa imeshindwa, hadi nyinyi wanunuzi mthibitishe kwamba haikuwa hivyo. Na mtathibitisha kwa nini? Kwa daftari ambazo mara nyingi mkurugenzi hakuziandika.

Nani basi ni mtu mwenye uhusiano? Sheria imewataja: mume au mke, hata aliyeachika, kaka na dada, mjomba, ami, shangazi, mpwa, wazazi na mababu kwenda juu, watoto na wajukuu kwenda chini. Wa kambo wamo, wa kuasili wamo, waliozaliwa nje ya ndoa wamo. Ndugu wa mke nao wamo, kwa hiyo shemeji hajasalimika. Kampuni inayotawaliwa na mmoja wa hao nayo imo. Asiyetajwa ni binamu. Ndiyo, nawaona mnatabasamu. Mtoto wa ami, ambaye kwetu ni ndugu kama ndugu, kwa Mwingereza aliyeandika kifungu hiki ni mtu baki. Lakini msifurahi mapema. Binamu akiwa mkurugenzi wa kampuni hiyo, au akiwa mwajiriwa wake, mlango unafungwa. Na hata akiwa mtu baki kweli, kinachobadilika ni nani anayebeba mzigo wa kuthibitisha tu. Bei pungufu inabaki bei pungufu.

Nataka tuuchukue mfano mmoja tuutembee polepole. Ni wa kubuni, lakini kila kipande chake nimekiona mahali.

Kuna kampuni inayosafirisha makontena kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Ina vani tatu, ina foklifti moja, ina ghala la kupanga. Mwenye kampuni ni mkurugenzi pekee. Mambo yameharibika: kodi ya VAT haijalipwa, mwenye ghala anadai, na wateja kadhaa wamelipia kontena ambalo halijaondoka. Tarehe 3 Machi kampuni inauza vani zote tatu na foklifti kwa kampuni mpya, iliyosajiliwa wiki mbili kabla, ambayo mkurugenzi wake ni mke. Bei ni pauni 9,000. Kati ya hizo, pauni 3,000 zimeingia benki. Zile 6,000 zimeandikwa kwamba zimekatwa kwenye mkopo ambao mke aliwahi kuikopesha kampuni. Tarehe 20 Juni wanachama wanapitisha azimio la kuifilisi kampuni.

Mfilisi anaanza wapi? Haanzi na hati ya mauzo. Hati ya mauzo anaisoma mwisho, maana ndiyo karatasi iliyotengenezwa ili aisome yeye. Anaanza na taarifa za benki za miaka miwili, na zaidi. Anatazama bima: hadi lini kampuni ya zamani iliendelea kulipia bima ya vani ambazo eti zimeshauzwa? Anatazama DVLA, idara ya usajili wa magari: hati za gari zilibadilishwa jina lini? Hati ile si uthibitisho wa umiliki, lakini tarehe yake haina haya. Muuzo wa Machi ambao DVLA hawakuambiwa hadi Juni una maswali ya kujibu. Anatazama namba za ankara za kampuni mpya, kama zinaendelea pale zilipoishia za zamani. Na anapiga ile namba ya simu iliyo kwenye kalenda ya zamani iliyoning'inia duka la jirani, asikie nani anapokea.

Hiyo simu si mzaha. Mthamini anapokuja, vani tatu anazipa pauni 31,000 na foklifti pauni 8,000. Jumla 39,000. Mkurugenzi yuko tayari kubishana juu ya hizo: moja imekwaruzwa, nyingine ina kilomita nyingi. Sawa, abishane. Lakini hakuhesabu kitu cha tatu, ambacho hakikuandikwa kwenye hati na bado kilihama. Wateja. Namba ya simu ambayo watu wa Leicester, Coventry na Birmingham wameizoea. Kundi la WhatsApp ambamo tangazo la kontena linawekwa Ijumaa, na Jumapili nafasi zimejaa. Jina. Mthamini anakadiria hivyo pauni 25,000, akipima faida ambayo mtu wa nje angeitarajia kutoka kwa wateja hao. Sasa kampuni imetoa vitu vya pauni 64,000, nayo imepokea 9,000.

Kwa uzoefu wangu hapa ndipo kesi nyingi hushindwa au kushindikana. Gari lina bei inayojulikana, kila mtu anaweza kutazama minada. Wateja hawana minada. Mwenye mali atasema, hao wanakuja kwa sababu yangu mimi, si kwa sababu ya kampuni. Nikifa leo hawaji. Wakati mwingine ni kweli, na mfilisi mwaminifu atakubali kupunguza tarakimu hiyo. Lakini ikiwa kampuni ilikuwa na mikataba iliyoandikwa na maduka, au orodha ya wateja ilitengenezwa kwa fedha za kampuni kwa miaka, jibu hilo linakuwa jepesi mno.

Tugeukie zile pauni 6,000 za mkopo. Watu hudhani hii ndiyo hila yenyewe: sikumlipa mke fedha, nimemkatia tu deni. Ikiwa mkopo ulikuwa wa kweli, kuufuta ni malipo, na yatahesabiwa. Lakini angalia kilichotokea: mke amelipwa deni lake lote, wakati mamlaka ya kodi, mwenye ghala na wateja hawakupata hata senti. Hilo ni kosa la pili, la kumpendelea mdai mmoja, na lina kifungu chake, cha 239. Kwa mtu wa kawaida kifungu hicho kinarudi nyuma miezi sita. Kwa jamaa, miaka miwili, na mahakama inachukulia tangu mwanzo kwamba mlitaka kumpendelea. Kwa hiyo ukimkwepa simba mmoja kwa mlango wa nyuma umekutana na mwenzake.

Sasa utetezi. Upo, na si wa kudharauliwa. Mahakama haitatengua muamala ikiwa kampuni iliufanya kwa nia njema, kwa ajili ya kuendesha biashara yake, na wakati ule kulikuwa na sababu za maana za kuamini kwamba utaifaidi kampuni. Vyote hivyo pamoja. Mkurugenzi wetu angeuza vani moja kwa kaka yake Desemba, kwa bei iliyo chini kidogo, kwa sababu kontena limezuiliwa bandarini na ada inapanda kila siku, na fedha zikaenda moja kwa moja kulitoa, ningemwambia ajitetee bila hofu. Lakini huwezi kusema uliuza vani zote na foklifti ili kuendesha biashara ya usafirishaji. Utaiendesha kwa nini, kwa mkokoteni?

Mahakama ikiridhika, inaamuru hali irudishwe ilivyokuwa. Kwa mfano wetu, ama mali irudi, ama kampuni ya mke ilipe tofauti, yaani pauni 55,000. Mara nyingi ni fedha, maana vani zimechakaa. Na kama kampuni ya mke imeshaiuza vani moja? Mtu baki aliyeinunua kwenye gereji kwa bei ya kweli na kwa nia njema analindwa, hatanyang'anywa. Lakini kama imeuzwa kwa kaka wa mkurugenzi, sheria inaanza kwa kudhani kwamba kaka hakuwa na nia njema, na ni yeye atakayeeleza.

Nataka nikae kidogo kwenye kesi moja ya kweli, kwa sababu inajibu swali ninaloulizwa kila mara: mimi nilimlipisha mke wangu bei halali kabisa, kwa hati, kwa mwanasheria, sasa shida iko wapi?

Kulikuwa na mkulima mmoja Uingereza aliyeweka shamba lake rehani kwa shirika la mikopo ya kilimo, Agricultural Mortgage Corporation. Deni na riba vilifika kama pauni 850,000. Shamba likiwa tupu, bila mpangaji, lilikuwa na thamani ya zaidi ya pauni milioni moja. Kwa hiyo mwenye rehani alikuwa salama: angeliuza, angejilipa, na kiasi kingebaki. Shirika likampa mkulima muda wa mwisho wa kulipa. Muda haujaisha, mkulima akampangisha mke wake shamba lote. Na hakumpangisha bure. Kodi ilikuwa pauni 37,250 kwa mwaka, bei ya soko, hakuna aliyeibishia.

Lakini kwa sheria ya kilimo ya wakati ule, mpangaji wa namna hiyo alikuwa haondoleki kirahisi. Shamba lenye mpangaji asiyeondoleka nani atalinunua kwa milioni? Thamani ikaporomoka hadi chini ya pauni 500,000. Jaji wa kwanza alitazama kodi, akaona ni ya haki, akasema hakuna upungufu wa bei. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1995, ikasema hapana. Tazameni kile mke alichopata kwa jumla. Amepata ulinzi wa nyumba ya familia. Amepata biashara ya kilimo isiyo na madeni ya zamani. Na juu ya yote, amepata nguvu ya kumkaba mwenye rehani: anayetaka kuliuza shamba kwa bei nzuri lazima kwanza aje kwake, amlipe ili aondoke. Nguvu hiyo ilikuwa na thamani kubwa, na kodi ile haikuilipia. Upangaji ukatenguliwa.

Kesi hiyo ilikuwa ya mtu binafsi, si kampuni, na iliendeshwa kwa kifungu kingine, cha 423, lakini kipimo cha bei pungufu kwenye vifungu vyote viwili ni kile kile. Ndiyo maana naipenda. Inakuambia usitazame mstari wa bei kwenye hati. Tazama nani alikuwa na nini asubuhi, na nani ana nini jioni. Na mwaka 2001 Mabwana wa Sheria, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa hapa, wakaongeza upande wa pili katika kesi ya madalali wa hisa: ikiwa sehemu ya bei ni ahadi ya kulipa baadaye, ahadi hiyo lazima ipimwe kama ilivyo kweli, na yaliyotokea baadaye yanaweza kutazamwa. Ahadi ambayo tangu mwanzo ingeweza kuanguka wakati wowote haihesabiki kama fedha taslimu. Kwa hiyo mke akinunua vani kwa pauni 40,000 atakazolipa kidogo kidogo kwa miaka kumi, bila dhamana, kutoka kwenye kampuni isiyo na kitu, msije mkaniambia bei ilikuwa 40,000.

Kifungu hicho cha 423 kina makali yake. Hakina ile miaka miwili, na hakisubiri ufilisi. Hata nyinyi mnaodai mnaweza kukitumia wenyewe, kama waliodhurika. Lakini hapo ndipo nia inaporudi: lazima muonyeshe kwamba lengo lilikuwa kuweka mali mbali na wanaodai. Si lazima liwe lengo pekee, ila lazima liwe lengo.

Mtaniuliza: kama sheria ni nzuri hivi, mbona malori yanaendelea kupita? Kwa sababu kesi inataka fedha, na kampuni iliyofilisiwa haina. Mfilisi akiona wakili atadai pauni 30,000 kufukuzia 55,000, na mke naye hana mali kwa jina lake, atatafuta maridhiano, au ataacha. Hilo si woga, ni hesabu. Fedha zilizobaki ni zenu. Tangu 2015 sheria imemruhusu mfilisi kuiuza haki hiyo ya kudai, na yapo makampuni yanayonunua kesi hizo na kuziendesha kwa gharama yao. Kinachopatikana kinagawiwa wadai wasio na dhamana, si benki yenye dhamana ya jumla juu ya mali za kampuni. Kwa hiyo mkiitwa kwenye uamuzi wa wadai, jibuni barua. Mwambieni mfilisi mnachokijua: picha ya lori, tarehe, ujumbe wa simu unaosema "sasa tulipe kwa akaunti hii mpya". Ujumbe wa namna hiyo umewahi kufanya kazi ambayo hati hamsini hazikuifanya.

Na nyinyi mlio upande wa pili, sisemi msiuziane na ndugu. Mara nyingi ndugu ndiye mnunuzi pekee aliye tayari kununua foklifti chakavu siku ya mvua. Muuzieni. Ila kabla ya kuuza mwiteni mthamini asiyewajua, aandike tarehe na aeleze kama bei ni ya mnada wa haraka au ya soko la kawaida. Fedha zipite benki. Na kama kampuni imeshafikia hatua ya kushindwa, afadhali kumwachia msimamizi auze yeye. Tangu Aprili 2021 hata yeye, akitaka kuuza mali au sehemu kubwa yake kwa jamaa ndani ya wiki nane za kwanza, lazima apate kibali cha wadai au ripoti ya mkaguzi huru. Na jina msilichukue: mkurugenzi wa kampuni iliyofilisiwa akiendesha nyingine yenye jina lile lile au linalofanana, ndani ya miaka mitano, bila ruhusa, anafanya kosa la jinai na anadaiwa madeni ya hiyo mpya kwa mfuko wake.

Maswali yalikuwa mengi; mawili nayaandika.

Mama mmoja mwenye wakala wa wahudumu wa wazee aliuliza: mume wangu aliniuzia samani na kompyuta za ofisi kwa pauni 500, miezi miwili kabla ya kufunga, je nitashtakiwa? Nikamwuliza zilikuwa za aina gani. Kompyuta nne za miaka sita, meza mbili. Nikamwambia, dada, sheria inasema pungufu sana, si pungufu. Ukizipeleka mnadani pengine usingepata hiyo 500. Weka risiti.

Kijana mmoja akauliza swali ambalo naona wengi walikuwa nalo: fedha za kampuni ya hapa zilinunua kiwanja Kilifi, kikaandikwa jina la mama. Mfilisi wa Leicester atafika Kilifi? Nilimjibu hivi. Kwanza, tangu kesi ya Paramount Airways, iliyoripotiwa mwaka 1993, mahakama za hapa zinasema kifungu cha 238 kinaweza kumfikia mtu yeyote popote alipo, mradi jambo lina uhusiano wa kutosha na Uingereza. Pili, Kenya imeingiza kwenye sheria yake ya 2015 ule utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa ufilisi unaovuka mipaka, ambao Uingereza nayo inaufuata tangu 2006. Mfilisi wa hapa anaweza kuomba atambuliwe na Mahakama Kuu ya huko. Tatu, kujificha nyuma ya kampuni hakusaidii kama zamani. Februari 2025, katika kesi iliyoletwa na benki moja ya Sharjah, Mahakama ya Juu hapa London ilisema kifungu cha 423 kinamshika hata mdaiwa anayeiamuru kampuni yake itoe mali bure, ingawa mali yenyewe ilikuwa ya kampuni, si yake. Lakini kwa kiwanja chako, nikamwambia, mfilisi atafanya kwanza hesabu yangu ya mwanzo: wakili wa hapa, wakili wa Mombasa, mthamini, safari. Kiwanja cha futi hamsini kwa mia atakiacha. Cha ufukweni hatakiacha, na atakayepokea barua ya kwanza ni mama yako.